Viporo na umri wake

Ofisi nyingi za huduma hapa Kashaulili, katikati ya Manispaa ya Mpanda, huanza wiki kwa kikao kifupi cha Jumatatu saa mbili asubuhi. Siku hizi meneja haulizi tena karani kwa mdomo ni maombi mangapi yamelala. Anafungua skrini na kusoma ubao: yenye siku chache ni haya, yaliyokaa zaidi ni haya, yaliyozidi mwezi ni haya. Kila alfajiri programu imehesabu upya na kubandika namba mpya. Ni chombo kizuri, na nimesaidia kutengeneza kadhaa. Lakini nimeona pia ubao ukimwambia meneja kwamba hakuna ombi lililozidi siku 30, huku mzee wa Makanyagio akiwa amesimama mlangoni na stakabadhi ya mwezi wa pili mkononi.

Makala hii ni kwa watu wawili: meneja anayeusoma ubao huo, na kijana wa tehama anayeutengeneza. Nitatumia mfano mmoja, ofisi inayopokea maombi ya kuunganishiwa maji. Namba ni za mfano. Makosa nitakayoeleza ni ya kweli, nimeyakuta kazini.

Safari ya ombi moja inajulikana. Mteja anajaza fomu, fundi anakwenda kufanya savei, makadirio ya gharama yanaandaliwa, mteja anapewa kontroli namba na kulipa, kisha mafundi wanachimba, wanalaza bomba na kufunga dira. Ombi lisilofika mwisho wa safari hiyo ni kiporo. Tuseme Jumatatu ya tarehe 2 Juni 2025 ofisi ina viporo 71, na ubao unasema hivi: siku 0 hadi 7 vipo 41, siku 8 hadi 14 vipo 18, siku 15 hadi 30 vipo 12, zaidi ya siku 30 hakuna hata kimoja. Meneja anafurahi. Kikao kinaisha mapema.

Mzee yule anaingia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa mara ya nne. Maji yangu bado?”

Karani anatafuta jina lake. Lipo, tena kwenye kundi la siku 0 hadi 7. Fomu yake ya karatasi imepigwa muhuri wa kupokelewa tarehe 26 Februari. Kutoka siku hiyo hadi 2 Juni ni siku 96. Mfumo unadai ombi hilo lina siku nne.

Hakuna aliyedanganya. Siku nne kabla, yaani Alhamisi, karani alimpigia mzee simu, hakumpata, akaandika kwenye mfumo: “Amepigiwa, hapatikani.” Kila taarifa ya ombi inapoguswa, mfumo huandika tarehe ya mabadiliko ya mwisho, na aliyetengeneza ubao alihesabu umri kuanzia tarehe hiyo. Basi kila maelezo yaliyoongezwa yalilirudisha ombi utotoni. Tena maombi yenye matatizo ndiyo yanayoguswa mara nyingi: yanapigiwa simu, yanahamishwa, yanaandikiwa maelezo. Kwa hiyo yaliyokaa muda mrefu kuliko yote ndiyo yaliyoonekana machanga kuliko yote.

Ubao ulipohesabiwa upya kuanzia siku ya kupokelewa, viporo vilikuwa vilevile 71, ila vilikaa kwingine: 22, 15, 17, na zaidi ya siku 30 vikawa 17. Jumla haikubadilika hata kwa kimoja. Ndiyo maana meneja anayeangalia jumla peke yake hawezi kugundua kosa hili.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kijana wa tehama ni hili: unahesabu kuanzia siku gani? Jibu sahihi ni siku mteja alipoleta fomu, na siku hiyo isiandikwe upya na mtu yeyote. Ombi likifungwa kwa makosa na kufunguliwa tena, lirudi na tarehe yake ya zamani. Nimeona ofisi ambako ombi gumu lilifungwa na kupewa namba mpya kila mwisho wa mwezi, na taarifa ya mwezi ikawa safi daima. Hapo dawa ni kuweka sehemu ya kuandika namba ya ombi lililotangulia, ili umri uhesabiwe kutoka kwa la kwanza.

Hesabu yenyewe si ndefu. Kwenye PostgreSQL inaweza kuwa hivi:

```sql
SELECT CASE
    WHEN umri IS NULL OR umri < 0 THEN '0: tarehe mbovu'
    WHEN umri <= 7  THEN '1: siku 0-7'
    WHEN umri <= 14 THEN '2: siku 8-14'
    WHEN umri <= 30 THEN '3: siku 15-30'
    ELSE '4: zaidi ya 30'
  END AS kundi,
  count(*) AS idadi, max(umri) AS mkongwe
FROM (
  SELECT (now() AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
         - tarehe_kupokelewa AS umri
  FROM maombi WHERE tarehe_kufungwa IS NULL
) m
GROUP BY 1 ORDER BY 1;
```

Mstari wenye maneno “tarehe mbovu” unaonekana kama pambo, lakini ndio uliookoa maombi mengi. Chukua fomu ya tarehe 06/03/2025. Kwetu hiyo ni tarehe 6 Machi. Ikipitia kwenye faili la Excel lililopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku, na ombi linaingia kama la tarehe 3 Juni. Tarehe 2 Juni umri wake unakuwa hasi moja, wakati umri wa kweli ni siku 88. Hasi moja ni ndogo kuliko saba, kwa hiyo pasipo mstari ule ombi lingeketi kimya kwenye kundi changa. Tarehe iliyoachwa wazi nayo hufanya kinyume: haiwi ndogo kuliko kitu chochote, basi inaporomoka hadi kundi la mwisho na kulivimbisha. Kundi la tarehe mbovu liwe kwenye ubao wazi, hata likiwa sifuri na hesabu isitoe mstari wake, na likiwa na kitu lishughulikiwe asubuhi hiyohiyo kwa kutoa fomu ya karatasi na kusahihisha. Tahadhari: kosa lile halikai hasi milele. Kesho yake umri unakuwa sifuri, ombi linaondoka kwenye kundi la tarehe mbovu na kuanza kukua kama jipya. Ukilikosa siku hiyo moja, umelipoteza.

Angalia pia mipaka. Siku ya 7 iko kundi la kwanza, ya 8 iko la pili. Nimekuta mbao zenye makundi ya “0–30” na “30–60”, na ombi la siku 30 kamili likahesabiwa mara mbili, au lisihesabiwe kabisa. Jaribio lake ni rahisi: jumlisha makundi yote, linganisha na idadi ya maombi ambayo hayajafungwa. Zikipishana hata kwa moja, usiendelee na kikao kwa namba hizo.

Na kwa nini 7, 14 na 30, si 30, 60 na 90? Makundi ya siku 30 tumeyarithi kwa wahasibu, wanaopanga madeni kwa umri kwa sababu ankara hulipwa kwa mwezi. Kazi ya kuunganisha maji haiendi kwa mwezi. Ukitumia makundi ya wahasibu, ombi la siku 3 na la siku 29 yanakaa sehemu moja, na meneja anaambiwa habari wakati mteja ameshachoka kuja. Chukua muda ambao ofisi yenu imeahidi kwenye Mkataba wa Huduma kwa Mteja uliobandikwa ukutani, ufanye mmoja wa mipaka. Kama ahadi ni siku 14, ubao uonyeshe wazi waliovuka 14. Ahadi nyingi huandikwa kwa siku za kazi, na hapo utalazimika kuwa na jedwali la sikukuu, kwa kuwa Saba Saba, Nane Nane na Idi hazifuati Jumamosi na Jumapili. Mimi naona umri wa ubao uhesabiwe kwa siku za kalenda, na ahadi ipewe safu yake pembeni. Anayebeba ndoo kutoka kwa jirani anaibeba hata Jumapili.

Sasa tuje kwenye programu ya alfajiri. Hapa ndipo penye makosa ambayo hayaonekani, kwa kuwa ubao wenye namba za juzi na wenye namba za leo hufanana kabisa.

Kosa la kwanza ni letu wenyewe, Waswahili. Meneja anasema, “Ihesabiwe saa kumi na mbili asubuhi.” Kijana anaandika:

```
0 12 * * * /opt/viporo/hesabu.sh
```

Kwa `cron` hiyo si alfajiri. Ni saa ya kumi na mbili kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane, yaani adhuhuri, saa sita mchana. Tena seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye saa za UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Adhuhuri ya UTC hapa Mpanda ni saa tisa alasiri. Hivyo meneja wa Jumatatu asubuhi anasoma hesabu ya Jumapili alasiri, na ombi lililofikisha siku 31 leo bado linaonekana lina 30. Kama seva iko kwenye UTC, saa kumi na mbili asubuhi kwetu ni saa 03:00 yake:

```
0 3 * * * /opt/viporo/hesabu.sh
```

Tanzania haisogezi saa mbele wala nyuma kwa majira ya mwaka, kwa hiyo ukishaandika hivyo haibadiliki. Saa hizo tatu zina mtego mwingine. Mwenye kuchagua kuhesabu saa nane usiku, akidhani ni vema seva ikiwa haina watu, anahesabu wakati UTC bado iko jana. Kazi yoyote inayokimbia kati ya saa sita na saa tisa usiku, ikitumia tarehe ya seva, inapunguza umri wa kila ombi kwa siku moja. Ndiyo sababu kwenye hesabu ya juu nimetaja `Africa/Dar_es_Salaam` badala ya kuiachia seva iseme leo ni lini.

Kosa la pili ni kazi kutokimbia kabisa. Mpanda ilikaa miaka mingi ikitegemea majenereta ya dizeli, na aliyefanya kazi hapa anajua kompyuta ya ofisini iliyozimika usiku na kuwashwa saa mbili asubuhi. `cron` ya kawaida hairudii kazi iliyopitwa. Ikikosa saa kumi na mbili, inangoja kesho. Kama mashine yenu iko ofisini na si kwenye chumba cha seva chenye umeme wa akiba, tumia kipima saa cha `systemd` kinachotumia `OnCalendar`, chenye mstari huu:

```
Persistent=true
```

Mashine ikiwaka, itatambua kwamba zamu imepita na kuifanya mara moja.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote. Programu nyingi hufuta namba za jana kwanza, kisha huhesabu na kuandika za leo. Ikikatikia katikati, kwa umeme, diski kujaa au nywila ya hifadhidata kubadilishwa, za jana zimeshafutwa na za leo hazijaandikwa. Ubao unaonyesha sifuri kila kundi. Meneja anayeona sifuri hapigi simu kwa fundi wa tehama. Anapongeza wafanyakazi. Dawa ni kuyafunga mambo yote katika hatua moja isiyogawanyika, ama yafanyike yote au lisifanyike lolote:

```sql
BEGIN;
DELETE FROM ubao;
INSERT INTO ubao SELECT * FROM hesabu_ya_viporo;
UPDATE hali SET imehesabiwa = now();
COMMIT;
```

Hapo `hesabu_ya_viporo` ni ile hesabu ya mwanzo iliyohifadhiwa kwa jina. Mstari wa nne ndio ninaomba usiachwe. Muda wa kuhesabu unaandikwa ndani ya hatua ileile, kwa hiyo hesabu ikishindwa, muda nao haubadiliki. Kisha muda huo uandikwe juu ya ubao kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa meza: “Imehesabiwa Jumatatu 2 Juni, saa 12 na dakika 4 asubuhi.” Zikipita saa 26 tangu hesabu ya mwisho, ubao wote uwe mwekundu na namba zifichwe. Nasema 26 wala si 24 ili kazi iliyochelewa dakika chache isiwashe taa bure. Usikubali ubao uandike muda ambao skrini ilifunguliwa. Huo hubadilika kila unapofungua, na humfanya meneja aamini kwamba namba ni mbichi wakati ni za wiki iliyopita.

Hesabu ikishakuwa ya kweli, namna ya kuisoma inabadilika. Rudi kwa vile viporo 17 vilivyozidi siku 30. Swali la mameneja wengi ni, “Nani kachelewesha?” Mimi ningeuliza, “Vinamngoja nani?” Ongeza safu moja inayotaja hatua ya sasa na aliyeshika kazi. Katika mfano wetu, 9 vinangoja mteja alipe, 5 vinangoja dira, na 3 vinangoja savei.

Vile 9 ndivyo vinavyozua ubishi. Wafanyakazi watasema si haki kuhesabiwa siku ambazo mteja hajalipa, na watataka saa isimamishwe. Nawaelewa, ila saa isisimamishwe. Onyesha umri mara mbili: siku tangu kupokelewa, na siku tangu kuingia hatua iliyopo. Hapo haki ya mfanyakazi inaonekana bila kumficha mteja. Ukisimamisha saa kwa kila anayengoja malipo, hatua hiyo itageuka chumba cha kufichia viporo. Kisha vifuatilie kimoja kimoja. Namba ya simu ya yule mzee ilikuwa imekosewa tarakimu moja tangu fomu ilipoingizwa. Ujumbe wa kontroli namba ulikwenda kwa mtu mwingine, na kila simu ya karani ilikuwa ikipigwa kwa mtu huyohuyo mwingine. Stakabadhi aliyokuwa nayo ilikuwa ya ada ya fomu. Hakuwa amekataa kulipa gharama ya kuunganishiwa. Hakuwa ameambiwa.

Vile 5 vya dira havitatatuliwa na karani hata akifokewa. Hiyo ni kazi ya meneja na mtu wa ununuzi, na ubao umemwambia adai dira ngapi. Vile 3 vya savei, angalia viko wapi. Kama vyote viko Kawajense, fundi apangiwe siku moja ya kwenda huko avimalize vyote, badala ya safari tatu za bodaboda.

Jambo la mwisho ni vile ambavyo havijachelewa. Kiporo chenye siku 24 hadi 30 leo, kisipoguswa, Jumatatu ijayo kitakuwa kimezidi 30. Mwombe kijana wa tehama akuwekee orodha hiyo peke yake, majina na mitaa, chini ya makundi. Mara nyingi ni fupi, watu sita au saba, na inawezekana kuigawa mezani kabla watu hawajainuka. Pia ahifadhi namba za kila siku kwenye jedwali la pembeni kabla ya kuzifuta ubaoni. Mstari mmoja kwa kila kundi kwa kila siku hauli nafasi yoyote ya maana. Baada ya miezi miwili utaona kama kundi la zaidi ya 30 linapungua kwa sababu kazi zinamalizika, au kwa sababu zinafungwa bila bomba kufika nyumbani kwa mtu. Njia ya kulijua hilo ni kuchukua maombi matano yaliyofungwa wiki iliyopita na kuwapigia wateja wenyewe.

Kabla ya kikao chako kijacho, meneja, fungua kabati la mafaili na utoe fomu iliyo chini kabisa. Hesabu siku zake kwa vidole kwenye kalenda ya ukutani. Kisha itafute kwenye ubao. Ikiwa haimo, au imo na umri mwingine, ahirisha kikao umwite kijana wa tehama, na kabla ya yeye kufika, mpigie simu mwenye fomu hiyo.